Njia Inayopitisha Machela

“Sasa njia yetu iko wapi humu?” Mzee Balozi aliuliza.

Alikuwa ameishika karatasi yangu kwa mikono miwili, ameinyoosha mbele ya macho yake. Tulisimama chini ya mfenesi katika kitongoji cha juu kabisa cha kijiji kimoja upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, huku kwetu Morogoro. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi na ukungu ulikuwa bado umelalia migomba. Karatasi yenyewe ilikuwa picha ya setilaiti niliyoichapa mjini kwa ukubwa wa A3. Juu yake nilikuwa nimechora kila nilichokiona: mapaa ya bati kwa rangi ya chungwa, barabara ya vumbi kwa mstari mnene, na njia za miguu kwa vidoti vyekundu. Katika kijiji kizima nilikuwa nimepata njia za miguu saba.

Nikamuuliza, “Babu, unaitafuta njia ipi?”

“Hiyo uliyoikanyaga.”

Nikatazama chini. Nilikuwa nimesimama juu ya udongo mwekundu uliokanyagwa hadi ukang’aa. Njia ilipita katikati ya migomba miwili, ikakata kona na kupotea mteremkoni. Mizizi ya mfenesi iliyoikatiza ilikuwa imesuguliwa na nyayo ikawa laini kama mpini wa jembe la miaka mingi. Nikarudi kwenye karatasi. Mahali hapohapo palikuwa na kijani kitupu.

Kazi iliyonipeleka pale ilikuwa rahisi kuieleza. Kijiji kina zahanati moja, iko chini karibu na barabara. Vitongoji vingine vimekaa juu migongoni mwa milima, na wahudumu wa zahanati walitaka kujua ni kitongoji kipi kipelekewe huduma ya mkoba kila mwezi, ile ya kupima watoto uzito, kuchanja na kuwaona wajawazito. Uwezo wao ulikuwa wa kitongoji kimoja tu. Kwa hiyo mimi nilitakiwa kutengeneza ramani, kupima umbali wa kutembea kutoka kila kitongoji hadi zahanati, na kuonyesha ni kipi kiko mbali zaidi. Kipimo kinachotumika mara nyingi ni kilomita 5: anayeishi ndani ya umbali huo huhesabiwa kuwa anafikiwa na huduma.

Nilikuwa nimeshapata jibu kabla sijapanda basi. Mezani kwangu mjini nilichora kijiji chote kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, kwa kutazama picha, kisha nikaiambia programu itafute njia fupi kutoka kila kitongoji. Kitongoji cha juu, hiki cha Mzee Balozi, kilitoka na kilomita 11.4, kwa sababu njia pekee ambayo programu iliiona ilikuwa barabara inayozunguka mlima mzima. Kitongoji cha ng’ambo, kilichokaa upande wa pili wa korongo, kilitoka na kilomita 1.9 tu, kwa kupitia mstari mweupe nilioukuta kwenye picha na kuuchora kama njia ya miguu. Nilichokwenda kufanya kijijini, kwa mawazo yangu, kilikuwa kuhakiki majina ya vitongoji na kuthibitisha kwamba mkoba uende juu.

“Kilomita kumi na moja?” Mzee Balozi alishangaa nilipomsomea. “Nani anakwenda zahanati kwa kuzunguka barabara? Twende, mjukuu wangu. Utazihesabu mwenyewe.”

Walikuwa watatu na mimi wa nne. Mbele alitangulia Bibi Mkunga, ambaye amewapokea watoto wa kitongoji kile kwa miaka mingi na sasa kazi yake ni kuwasindikiza mama zao zahanati kabla ya uchungu kukolea. Nyuma yake Mzee Balozi, kisha mimi na simu, na mwishoni mzee mwingine ambaye ujana wake aliumalizia kwenye kupasua mbao. Huyo kila mtu anamwita Fundi. Hawakutembea haraka, lakini hawakusimama ovyo pia. Mimi ndiye niliyekuwa nikihema.

Nitaeleza kwanza kwa nini picha haikuiona njia ile, maana watu wengi hudhani tatizo ni picha kuwa na ukungu au kuwa ya zamani. Picha niliyotumia ilikuwa nzuri sana. Kila pikseli yake ilikuwa na upana wa takriban sentimita 50. Njia ya miguu ya kawaida milimani ina upana wa sentimita 40 hadi 80, kwa hiyo ni pikseli moja, pengine moja na nusu. Hilo peke yake halizuii kuonekana. Njia ikipita kwenye nyasi, udongo wake mkavu unang’aa kuliko kijani kilichouzunguka, na hata ukijaza nusu tu ya pikseli, pikseli ile hugeuka rangi, na ukiwa na pikseli kama hizo kumi zimefuatana jicho lako linaunga mstari. Njia saba nilizozichora zote zilikuwa za namna hiyo, zinapita kwenye nyasi au mashamba yaliyolimwa upya.

Ila Waluguru wa upande huu wa milima hawalimi mashamba matupu. Mvua ni nyingi, na shamba ni msitu wa vitu vinavyoliwa na kuuzwa: migomba chini, mdalasini na mikarafuu katikati, mifenesi na mishelisheli juu. Matawi yamefungana. Kamera iliyoko mamia ya kilomita juu angani inapiga picha ya majani ya juu kabisa, basi. Na njia zenye watu wengi ndizo hasa zinazopita humo, kwa sababu watu hujenga na kupanda kando ya njia. Kwa hiyo njia iliyokanyagwa kuliko zote ndiyo iliyofunikwa kuliko zote. Nilichora njia za pembezoni za kwenda kukata nyasi, nikaikosa ile ambayo kitongoji kizima hupita.

Jambo la pili nililizingatia baadaye. Upande huu wa Uluguru mawingu hayaondoki kirahisi, na kampuni zinazouza picha huchagua zile zisizo na wingu, ambazo karibu zote ni za kiangazi. Picha yangu ilikuwa kijiji cha mwezi wa Agosti. Kijiji cha Aprili, wakati wa masika, sikuwa nimekiona.

Tuliteremka. Simu yangu ilikuwa na programu ya ramani ya OsmAnd, inarekodi nukta moja kila sekunde mbili, nami nimeifunga kwenye mkanda wa begi begani ili iangalie angani. Ukiiweka mfukoni mwili wako unazuia mawimbi. Kila mahali palipoachana njia nilisimama, nikauliza inakwenda wapi, nikaandika.

Katika njia panda ya kwanza nilimuuliza Bibi Mkunga kama njia ya kushoto nayo inafika zahanati. Akasema inafika, tena ni fupi.

“Mbona hatukuifuata?”

Hakujibu kwa maneno. Aliniita niingie nayo hatua ishirini hivi, mpaka kwenye kona ambapo njia inabana kati ya jiwe na ukingo. Akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, viganja vimefungwa kama aliyeshika miti miwili, akajaribu kugeuka nayo. Kiwiko kikagonga jiwe.

“Machela haipindi hapa,” akasema.

Machela ya kijijini ni miti miwili mirefu ya mwanzi au ya mti mwepesi, urefu wake zaidi ya mita mbili, katikati imefungwa blanketi au imesukwa kamba. Wanaume wanne huibeba begani, wawili mbele na wawili nyuma, na wengine wanne hufuata kupokezana. Kitu cha urefu ule kinahitaji njia yenye kona pana, na kinahitaji ukingo usiomomonyoka, kwa sababu wabebaji wa upande wa bondeni ndio wanaobeba uzito mkubwa. Tangu pale nikawa kila njia naiuliza swali lile: machela inapita? Wazee walijibu papo hapo, bila kufikiri, kama mtu anayejibu mlango wa nyumba yake unafungukia wapi. Njia hii inapita. Hii inapita lakini wawili wawili. Hii ni ya watoto wanaokwenda kuteka maji. Hii ya mtu mmoja na mzigo wa kichwani.

Hakuna picha inayoweza kujibu swali hilo, hata ikiwa ya sentimita 30, hata ukikata miti yote.

Tulifika kwenye jiwe kubwa bapa, liko juu kidogo ya kijito, na wote watatu wakakaa bila kuambiana. Bibi Mkunga akatoa ndizi za kuchoma kwenye kitambaa. Tulikaa dakika kumi na mbili. Usiku wa siku ile, nilipofungua kwenye kompyuta faili la GPX, lile lenye rekodi ya mwendo wetu, nilikuta mahali hapo pamejaa fujo: mstari uliokuwa ukienda vizuri unajizungusha, unaruka mita 15 kushoto, unarudi, unajifunga fundo kama uzi uliotoka kwenye kibiringo. Hiyo ni tabia ya GPS. Ukisimama, kila usomaji una kosa lake dogo, na nukta zinajikusanya kama nzi juu ya embe. Mchoraji yeyote anajua kufuta fundo la namna hiyo, nami nilikuwa nimeshalichagua, kidole kiko kwenye kitufe cha kufuta.

Nikakumbuka kwamba tulikula ndizi pale.

Siku iliyofuata nilimuuliza Fundi kuhusu lile jiwe. Akasema panaitwa Jiweni, na hapo ndipo wabebaji wa machela hupokezana, kwa sababu kuanzia hapo ni kuvuka kijito na kupanda. Ukimwambia mtu “mgonjwa amefika Jiweni,” anajua imebaki kama saa moja, anajua wa kumpokea waanze kupanda kutoka upande wa pili. Fundo la uzi nililifuta, lakini jina la mahali nikaliweka.

Kutoka Jiweni tulishuka kwenye kijito. Kuna gogo limelazwa, limechongwa juu bapa kwa shoka, na pembeni yake mwanzi mmoja wa kushikilia. Mita kadhaa chini ya gogo kuna kivuko cha mawe. Wakati huo maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Mzee Balozi alinionyesha alama kwenye ukingo, juu ya kichwa changu: takataka za majani makavu zilizonasa kwenye matawi. “Masika yanafika hapo,” akasema. Miezi ya Machi hadi Mei kijito kikijaa, kivuko hakipo kabisa, na gogo lina siku linapita na siku halipiti. Ikinyesha usiku, asubuhi wanasubiri. Hali ikiwa mbaya wanapanda mpaka chanzo cha kijito na kuzunguka, ambako ni karibu saa nzima zaidi.

Baada ya kijito tulipanda mgongo wa mlima, mita 240 za kwenda juu, kisha tukateremka upande wa pili hadi zahanati. Nikazima kurekodi. Kilomita 3.2, saa moja na dakika ishirini, mapumziko yakiwemo. Kuna kanuni ya zamani ya mpanda milima wa Skotilandi, William Naismith, ya mwaka 1892, ambayo wachora ramani bado tunaitumia: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa njia yetu inatoa dakika 38 za mwendo na dakika 24 za kupanda, jumla dakika 62. Ukitoa dakika 12 za ndizi, na vituo vyangu vya kuuliza majina, wazee wale walikwenda sawasawa na kanuni. Kwa machela, Bibi Mkunga alisema, ni saa mbili.

Kilomita 11.4 zikawa 3.2. Kitongoji cha juu kilikuwa ndani ya kilomita 5 tangu zamani, ila njia yake haikuwa kwenye ramani.

Siku ya pili tulikwenda kitongoji cha ng’ambo, kile cha kilomita 1.9. Nilitaka kupita ule mstari mweupe nilioukuta kwenye picha, maana kwangu ulikuwa wazi kuliko njia zote. Fundi aliniuliza niuonyeshe kwa kidole kutoka tulipokuwa tumesimama, nami nikaunyooshea kidole ng’ambo ya korongo: mchirizi wa rangi hafifu unaoshuka mlimani.

Alinyamaza kidogo. “Hilo ni poromoko, mjukuu wangu. La mvua za Elnino.”

Mvua za Elnino za 1997 na 1998 bado zinasimuliwa milimani huku. Fundi alisema udongo wote wa pale uliteremka usiku mmoja na shamba la mihogo la watu, na tangu hapo pamebaki mwamba na nyasi fupi ambazo hukauka mapema kuliko majani mengine. Ndiyo maana kwenye picha ya Agosti paling’aa. Hakuna mtu anayepita pale. Mbuzi wenyewe hawapiti.

Nilijisikia vibaya kwa sababu dalili zote zilikuwa kwenye picha na nilizipita. Nilipoitazama tena jioni nilizihesabu. Mstari ule unashuka moja kwa moja kwenye mwinamo mkali kuliko wote, na hivyo ndivyo maji yanavyoshuka. Mtu aliyebeba mzigo hukata mwinamo kwa ubavu na kupiga kona. Ulianza katikati ya mlima, mahali pasipo nyumba wala shamba wala kisima, ilhali njia huanza kwenye kitu. Na kadiri ulivyoshuka ulitanuka, ukaishia kwenye rundo la udongo lililofunguka kama upepeo. Upana wa njia haubadiliki namna hiyo. Mtu akiniletea mstari kama huo leo nitamuuliza mambo hayo matatu kabla hajauchora.

Njia ya kweli ya kitongoji cha ng’ambo inapanda hadi kichwa cha korongo na kuzunguka. Tuliitembea: kilomita 6.5, na kuna mahali pawili unashika mizizi kwa mikono ili upite. Sikuhitaji kuuliza kuhusu machela, nilijionea. Niliuliza tu wanafanyaje mama akikaribia kujifungua. Bibi Mkunga alisema wanaotoka ng’ambo hushuka mwezi mmoja kabla, wakakae kwa ndugu aliye karibu na barabara. Asiye na ndugu?

“Asiye na ndugu ndiye ninayelala kwake mimi,” akasema.

Kwa hiyo ramani yangu ya mezani ilikuwa imefanya makosa mawili yanayotazamana. Njia iliyopo ilikosekana, na njia isiyokuwepo ikachorwa. Kosa moja lilikisogeza kitongoji cha juu mbali, jingine likakileta kitongoji cha ng’ambo karibu, na mkoba wa kila mwezi ungekwenda kwa watu ambao hutembea saa moja na kuwaacha wanaoshika mizizi.

Usiku tulikaa kwa Mzee Balozi, kompyuta juu ya meza ya jikoni, taa ya sola, na mimi naanza kuweka njia mahali pake. Hapo nikakutana na tatizo ambalo ukiwa mjini hulioni sana. Nilipofungua rekodi zangu kwenye JOSM, programu ya kuchorea ramani, na kuziweka juu ya picha, njia ilipopita karibu na shule, ambapo inaonekana vizuri kwenye picha, mistari yangu haikulala juu yake. Ilikuwa mita 9 magharibi. Nani amekosea, simu au picha?

Kuna namna ya kujua. Sehemu ile nilikuwa nimeipita mara nne katika siku mbili. Kosa la GPS hubadilika kila unapopita, hivyo lingekuwa ni kosa la simu, mistari minne ingetawanyika kushoto na kulia. Mistari yangu ilikuwa imebanana pamoja, yote upande mmoja. Hapo picha ndiyo iliyosogea. Setilaiti mara nyingi haitazami chini wima, huinamisha kamera, kisha picha hunyooshwa kwa kutumia vimo vya ardhi vilivyokwisha kupimwa. Milimani vimo hivyo huwa na makosa. Kamera ikiwa imeinama nyuzi 25 na kimo kikiwa kimekosewa kwa mita 20, picha husogea mita 9 na kitu. Pale chini bondeni, kwenye zahanati, nilikuta kosa halifiki hata mita 2. Ndiyo maana huwezi kuisogeza picha nzima mara moja ukadhani umemaliza. Kila mwinamo una kosa lake, na inakubidi urekebishe kipande kwa kipande, ukitumia kona na majengo uliyoyafikia kwa miguu.

Ndani ya korongo mambo yaligeuka. Huko mistari ndiyo iliyotawanyika, mmoja hadi mita 25 kutoka kwa mwenzake, na mmoja ulivuka kijito mara tatu wakati sisi tulivuka mara moja. Miti na kuta za mwamba hugeuza mawimbi njiani kabla hayajafika kwenye simu. Huko nilipitisha njia katikati ya mistari, kisha nikaifunga mahali nilipo na uhakika napo: gogo, Jiweni, njia panda.

Mzee Balozi alikaa pembeni yangu muda wote. Nilimweleza kwamba kila njia inapewa maelezo yake yanayosomwa na kompyuta, na hii yetu nimeiandika hivi:

```
highway=path
surface=ground
width=0.8
motorcycle=no
source=survey
survey:date=2024-08-17
```

“Machela iko wapi?”

Haiko. Hakuna neno lililokubaliwa kimataifa la machela. Niliweka upana halisi, tuliopima kwa kamba mahali panapobana zaidi, kisha kwenye `description` nikaandika kwa Kiswahili kwamba machela ya watu wanne inapita. Atakayeisoma ataelewa, lakini programu ya kutafuta njia haisomi sentensi. Kwa kivuko cha mawe niliandika `foot:conditional=no @ (Mar-May)`, yaani hakipitiki kwa miguu Machi hadi Mei. Hiyo ni lugha halali ya ramani, na bado programu niliyotumia kupima umbali haikuifuata. Ilibidi nipime mara mbili kwa mkono: mara moja nikiwa na kivuko na gogo, mara ya pili nikiwa nimevitoa. Kiangazi kitongoji cha juu kiko kilomita 3.2. Masika, kijito kikikataa, ni kilomita 5.9. Nilikabidhi namba zote mbili, nikakataa kuziweka wastani.

Kuna njia moja sikuichora. Siku ya pili wakati wa kurudi tulifika mahali ambapo kijia chembamba kinaingia kwenye kichaka cha miti mikubwa sana isiyokatwa. Mzee Balozi alisimama na kusema, “Hapa zima hiyo simu.” Huko ni kwa wazee wa ukoo, mahali pa matambiko. Nikazima. Usiku, nilipokuwa nikichora, aliniomba nikuze ramani mpaka pale ili aone mwenyewe, na kumbe kipande cha mwanzo cha kijia, kama mita kumi, kilikuwa kimerekodiwa kabla sijazima. Nilikifuta akiwa anaona, kwenye ramani na kwenye faili la GPX pia, kwa sababu faili nalo hupakiwa likabaki mtandaoni. Akaridhika, akaenda kulala.

Nilipotoka kijijini njia za miguu zilikuwa 31. Wahudumu wa zahanati waliziangalia namba, wakauliza hasa kuhusu masika, na wakaamua mkoba uende ng’ambo kila mwezi, na juu uende Aprili na Mei tu. Mwanamke mmoja wa pale zahanati alitazama ramani mpya kwa muda, akaweka kidole kwenye kichwa cha korongo, akasema yeye amefanya kazi pale miaka minne na hakujua kwa nini wa ng’ambo huchelewa kliniki. Alidhani hawapendi kuja.

Hiyo ilikuwa Agosti. Wiki mbili zilizopita, masika yakiwa yamekolea, Mzee Balozi alinipigia simu usiku. Mtandao ulikuwa unakatikakatika, nilisikia vipande: gogo limechukuliwa na maji. Vijana wamelaza jingine, lakini si mahali palepale, ukingo umekatika. Wameliweka juu zaidi, hatua arobaini au hamsini, karibu na mwanzi mkubwa. Na njia ya kufikia huko wameifyeka upya.

Nikamuuliza kama machela inapita.

“Ilipita jana,” akasema. “Bibi yako alikuwa nayo.”

Nilifungua ramani na kuitazama ile `bridge=yes` niliyoiweka Agosti, juu ya maji ambayo sasa hayana kitu. Nikaifuta. Gogo jipya sikuliweka. Hatua arobaini za Mzee Balozi sizijui ni mita ngapi, na picha, hata ingepigwa leo, ingeonyesha majani tu. Nimeacha pengo, na kidokezo kwamba kuna kivuko kipya hapa hakijapimwa. Basi la Jumamosi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nimemwambia Mzee Balozi nitakuwa Jiweni kabla ya adhuhuri, na kwamba safari hii kamba ya kupimia nitakuja nayo mwenyewe.